Amplifaya Inapoanza Kuvuma Yenyewe

Kila aliyekaa ukumbini anajua mlio ule mkali unaotokea maikrofoni inaposogezwa karibu na spika. Sauti inatoka, inarudi, inakuzwa tena, na mzunguko unajiendesha wenyewe. Ndani ya amplifaya hatari hiyohiyo ipo, hata pasipo maikrofoni, kwa sababu karibu kila amplifaya nzuri hurudisha sehemu ya ishara inayotoka na kuilinganisha na ile inayoingia.

Harold Black wa maabara za Bell, Marekani, alibuni mbinu hiyo mwaka 1927. Ishara inayorudi hutolewa katika ile inayoingia, na hivyo makosa ya amplifaya hujisahihisha. Huo ndio mrejesho hasi. Tatizo ni kwamba kila hatua ndani ya saketi huchelewesha ishara kidogo, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ucheleweshaji unavyokula sehemu kubwa zaidi ya wimbi. Ukifika digrii 180, yaani nusu ya wimbi, kilichokusudiwa kutolewa kinajumlishwa. Ikiwa katika masafa hayo ishara huzunguka kitanzi na kurudi ikiwa na nguvu ileile au zaidi, amplifaya itavuma bila kuingiziwa chochote.

Kutokana na hilo mafundi hujiuliza maswali mawili. La kwanza: pale ukuzaji wa kitanzi unaposhuka hadi 1, zimebaki digrii ngapi kabla ya kufika 180? Hiyo ni akiba ya awamu. La pili: pale ucheleweshaji unapofika digrii 180, ukuzaji wa kitanzi uko chini ya 1 kwa mara ngapi? Hiyo ni akiba ya ukuzaji.

Tuchukue mfano wa chipu ya kawaida inayorudisha ishara yake yote, ili kinachotoka kiwe sawa na kinachoingia. Ukuzaji wake unashuka hadi 1 karibu na megahezi 1, ina ucheleweshaji mwingine wa ndani unaoanza kuonekana kwenye megahezi 2, na ukinzani wa ndani kwenye tokeo lake ni omu 100. Ikiwa peke yake, akiba yake ya awamu ni kama digrii 65. Wasanifu wengi hulenga digrii 60 na hawapendi kushuka chini ya 45, kwa hiyo chipu hii iko salama.

Sasa fundi anauunga mguu wa kapasita ya nanofaradi 10 kwenye tokeo na mwingine kwenye ardhi, akitaka kuondoa makelele. Kapasita hiyo pamoja na omu 100 za ndani huleta ucheleweshaji mpya unaoanzia karibu kilohezi 159. Ukipiga hesabu upya, ukuzaji wa kitanzi unafika 1 kwenye kilohezi 380 hivi, na akiba ya awamu imebaki digrii 12 tu. Lakini akiba ya ukuzaji bado ni zaidi kidogo ya mara 2, kiasi ambacho kwa macho ya haraka kinaridhisha. Akiweka nanofaradi 100, akiba ya awamu inashuka chini ya digrii 4, na ile ya ukuzaji bado iko pale pale kwenye mara 2. Anayetazama namba moja tu atasema saketi ni nzima.

Osiloskopu itamwonyesha ukweli. Akiingiza wimbi la mraba dogo la volti 1 kwenye saketi yenye nanofaradi 10, tokeo litaruka hadi karibu volti 1.7, lirudi chini, lipande tena, likitikisika kwa kilohezi 390 hivi huku kila mruko ukiwa kama nusu ya uliotangulia. Haivumi bado, ila joto likibadilika au chipu ya aina nyingine ikiwekwa, inaweza kuvuma. Chipu yenye ukuzaji wa megahezi 2.2 mahali pa ile ya 1, vingine vyote vikibaki vilevile, ingevuma mara moja.

Dawa ni rezista ya omu 100 kati ya tokeo la chipu na kapasita, huku mrejesho ukichukuliwa kabla ya rezista hiyo. Katika masafa ya juu rezista inazuia kapasita isiburute awamu, na akiba inarudi karibu digrii 67. Gharama yake ni kwamba mzigo unaovuta mkondo utapokea volti pungufu, kwa kuwa sasa rezista iko nje ya mrejesho na makosa yake hayasahihishwi.

Kwa hiyo unapopima amplifaya, pima akiba zote mbili, na uzipime ikiwa imeungwa na kapasita, waya na mzigo itakaofanya nao kazi. Chipu iliyopimwa peke yake mezani haijasema lolote kuhusu kile utakachouunganisha kwenye tokeo lake.