Oksijeni inapohamia kwa fosforasi

Vitamini A inayotiwa kwenye mafuta ya kupikia karibu yote hutoka kiwandani siku hizi, si kwenye maini ya samaki kama zamani. Huko Ludwigshafen, Ujerumani, kampuni ya BASF huijenga kwa kuunga vipande viwili: kimoja kina atomu 15 za kaboni kwenye mnyororo wake, kingine kina 5. Jumla ni 20, na hiyo ndiyo hesabu ya kaboni katika vitamini A. Kazi ngumu iko kwenye kiungo. Vipande vinapokutana panatakiwa kifungo maradufu, yaani kaboni mbili zishikane kwa mikono miwili badala ya mmoja, na kiwe hapo hapo, kisisogee hata kaboni moja. Molekuli zenye kifungo cha aina hiyo huitwa alkeni.

Njia ya kale ya kupata alkeni ni kupasha alkoholi moto pamoja na asidi kali mpaka itoe maji. Tatizo ni kwamba kifungo kinaweza kuzuka upande huu au ule, ukabaki na mchanganyiko. Vitamini A ina vifungo maradufu vingine vinne, na moto na asidi ya namna hiyo vingeivuruga vibaya.

Mwaka 1953, katika mji wa Tübingen, Georg Wittig alikuwa akichunguza kama fosforasi inaweza kushika kaboni tano kwa wakati mmoja. Katika majaribio hayo yeye na mwenzake Geissler walikuta alkeni safi, na kando yake unga mweupe wenye fosforasi na oksijeni. Wittig aliona kwamba vitu hivyo viwili vimezaliwa pamoja. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Chombo chake kinaitwa ilidi. Ni molekuli ambamo kaboni yenye elektroni za ziada imekaa ubavuni mwa fosforasi yenye chaji chanya. Maabara huitengeneza kutokana na trifenilifosfini: kwanza inageuzwa kuwa chumvi nyeupe, kisha besi kali inanyofoa haidrojeni moja kwenye kaboni iliyo jirani na fosforasi. Hapo ndipo chupa inapobadilika rangi, njano au chungwa iliyokolea kutegemea ilidi ni ipi. Ukidondosha aldehaidi, rangi inafifia tone kwa tone, na kwa macho tu unajua ilidi inatumika.

Aldehaidi ina kaboni iliyoshikana maradufu na oksijeni. Oksijeni huvutia elektroni kwake, kwa hiyo kaboni hiyo ina upungufu, na kaboni ya ilidi, yenye ziada, huishika. Oksijeni nayo hugusa fosforasi. Inatokea pete ndogo ya pembe nne: fosforasi, kaboni, kaboni, oksijeni. Katika baridi ya nyuzi 70 hivi chini ya sifuri, pete ya namna hii inaweza kudumu kiasi cha kuchunguzwa. Ikipata joto inapasuka katikati: kaboni mbili zinaondoka zimeshikana maradufu, na fosforasi inaondoka na oksijeni.

Kwa nini isipasuke kurudi ilikotoka? Kwa sababu ya kile kinachozaliwa upande wa pili. Kifungo cha fosforasi na oksijeni katika oksidi ya trifenilifosfini kina nguvu ya takriban kilojuli 540 kwa moli, karibu mara mbili ya kifungo cha kawaida cha fosforasi na kaboni. Kuvunja kifungo cha kaboni na oksijeni katika aldehaidi ni gharama kubwa. Alkeni peke yake isingeilipa. Oksidi ndiyo inayolipa pengo lote, na nishati inabaki. Kwa hiyo huo unga mweupe ndio unaoisukuma kazi mpaka mwisho, na kwa kuwa kifungo chake ni kigumu hivyo, hakuna njia rahisi ya kurudi.

Nguvu hiyo hiyo huharibu kazi pale maji yanapoingia. Ilidi nyingi hunyakua oksijeni ya maji, na badala ya alkeni unapata oksidi tupu. Rangi inafifia kabla hata aldehaidi haijatiwa. Ndiyo maana vyombo hukaushwa kabisa na kazi hufanywa chini ya hewa ya naitrojeni.

Hata mambo yakienda sawa, oksidi inabaki imechanganyika na zao. Katika maabara, alkeni nyingi huyeyuka vizuri kwenye heksani na oksidi haiyeyuki sana, kwa hiyo unasuuza na kuchuja. Kiwandani mzigo ni mwingine. Kila gramu 328 za asetati ya vitamini A huja na gramu 278 za oksidi; karibu kilo kwa kilo. Kuitupa ni hasara, maana fosfini ni ghali. BASF huirudisha: oksidi huchanganywa na fosjini, gesi ya sumu iliyotumika vitani mwaka 1915, ili kuing'oa oksijeni na kuweka klorini mahali pake, kisha alumini huiondoa klorini hiyo na trifenilifosfini inarudi mwanzo wa mstari.