Asilimia 95 ya Nini? Namna ya Kusoma Madai ya Wauzaji wa Programu za Kutambua Kifua Kikuu

Fikiria kikao cha ununuzi mjini Bariadi. Mezani pana kipeperushi chenye picha ya kifua iliyotiwa rangi nyekundu palipo na dosari, na chini yake maandishi makubwa: "Usahihi wa asilimia 95." Kinachouzwa ni programu ya kompyuta inayosoma picha za eksirei za kifua na kutoa alama inayoonyesha uwezekano wa kifua kikuu. Wajumbe wanavutiwa, na wana sababu. Wasomaji bingwa wa picha ni wachache, ilhali wagonjwa wanatoka mbali, Meatu, Itilima, Maswa na Busega.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za namna hii zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Teknolojia yenyewe, basi, si ya kubezwa. Linalobaki ni kujua kama bidhaa iliyo mezani itawafaa watu watakaopigwa picha Simiyu, na jambo hilo kipeperushi hakilisemi.

Neno "usahihi" linaficha nini?

Tuchukue mfano wa hesabu. Timu ya uchunguzi inakwenda katika kiwanda cha kuchambua pamba na vijiji vya jirani, na kuwapiga picha watu wazima 1,000. Tuseme 10 kati yao wana kifua kikuu. Sasa tuwe na mashine ya kijinga inayomwambia kila mtu kwamba hana ugonjwa. Itakuwa imesema kweli kwa watu 990, yaani usahihi wa asilimia 99, na haitakuwa imempata mgonjwa hata mmoja.

Ndiyo maana mnunuzi haulizi "usahihi" peke yake. Anauliza mambo mawili tofauti. La kwanza ni unyeti: katika kila wagonjwa 100 wa kweli, programu inawanasa wangapi? La pili ni umahususi: katika kila watu 100 wasio na ugonjwa, inawaachia wangapi bila kuwasumbua? Kwa kipimo cha kuchuja watu kabla ya kupima makohozi, mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini cha unyeti wa asilimia 90 na umahususi wa asilimia 70.

Rudi sasa kwenye watu wetu 1,000. Programu inayofikia kiwango hicho itawanasa wagonjwa 9 kati ya 10 na kumpoteza mmoja. Katika wale 990 wasio na ugonjwa, itawaachia 693 na kuwashuku 297. Jumla ya watakaohitaji kupimwa makohozi kwa mashine ya GeneXpert ni 306, na wagonjwa wa kweli miongoni mwao ni 9 tu. "Usahihi" wa programu hiyo ni asilimia 70 na kidogo, chini kabisa ya ule wa mashine ya kijinga, lakini ndiyo iliyofanya kazi.

Ipeleke programu hiyohiyo kwenye kliniki ya wagonjwa wanaokohoa, ambako tuseme watu 200 kati ya 1,000 wana kifua kikuu. Itawashuku 420, na 180 kati yao watakuwa wagonjwa kweli. Programu haikubadilika, waliobadilika ni watu. Muuzaji anayesema "tukimshuku mtu, mara nyingi huwa ni mgonjwa" aulizwe papo hapo: katika kundi lipi, lenye wagonjwa wangapi kwa kila mia? Na bajeti ya ununuzi ihesabu katriji za GeneXpert tangu siku ya kwanza, kwa kuwa programu inayoshuku watu 306 pasipo uwezo wa kuwapima inazalisha hofu tu.

Walipimwa akina nani?

Swali la pili linahusu watu waliotumika kuipima programu. Njia rahisi ya kupata asilimia 95 ni kukusanya picha za wagonjwa ambao mapafu yao yameharibika waziwazi, kisha kuzichanganya na picha za vijana wenye afya njema. Hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu angezitenganisha. Kazi ngumu ni kumtenganisha mgonjwa wa kifua kikuu na mtu anayekohoa kwa nimonia, na mzee mwenye makovu ya kifua kikuu kilichopona, au na mchimbaji mdogo wa dhahabu mwenye vumbi la miamba mapafuni.

Tunao ushahidi wa hapa nyumbani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanyika Tanzania kuhusu toleo la wakati huo la programu iitwayo CAD4TB. Walishiriki watu 861 waliokuwa na dalili za kifua kikuu cha mapafu, na 194 kati yao walithibitishwa kwa kuotesha vimelea katika maabara. Matokeo ya jumla yalikuwa 0.84. Maana yake ni kwamba ukimchukua mgonjwa mmoja na asiye mgonjwa mmoja kwa kubahatisha, programu itampa mgonjwa alama ya juu zaidi mara 84 katika kila 100. Ilimshinda tabibu aliyesoma picha zilezile, lakini haikumfikia msomaji bingwa.

Faida kubwa ya utafiti huo iko katika mchanganuo wake. Programu ilifanya vizuri zaidi kwa wagonjwa ambao vimelea vyao vilionekana kwa hadubini kuliko kwa wale ambao havikuonekana. Pia ilifanya vizuri zaidi kwa wasio na maambukizi ya VVU kuliko kwa wenye nayo, kwani kinga ikishuka, kifua kikuu huweza kukosa zile alama za kawaida kwenye picha. Utafiti mkubwa uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha programu tano kwa watu zaidi ya 23,000. Ulionyesha pia kwamba utendaji ulishuka kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Kwa hiyo usikubali namba moja ya jumla. Omba unyeti na umahususi wa kila kundi: wenye VVU, wazee, waliowahi kutibiwa.

Pamoja na hilo, uliza ukweli ulijulikanaje. Tafiti hizo mbili zilitumia uthibitisho wa maabara. Vipeperushi vingine hulinganisha programu na maoni ya daktari aliyetazama picha ileile. Hapo kinachopimwa ni kama programu inakubaliana na daktari. Kama mgonjwa alikuwa na vimelea au la, hakuna aliyejua. Uliza vilevile kama picha za majaribio zilitoka katika hospitali zilezile zilizotoa picha za kuifundishia programu. Mwanafunzi aliyeuona mtihani jana hatupimi akili kwa alama zake za leo.

Usisahau idadi. Kunasa wagonjwa 19 kati ya 20 ni asilimia 95, lakini kwa kundi dogo namna hiyo unyeti wa kweli waweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 75 na karibu 100. Asilimia isiyoandamana na idadi ya wagonjwa na upana wa makisio yake haijakamilika.

Kizingiti na toleo

Programu haisemi "ndiyo" wala "hapana". Inatoa alama, kwa mfano kuanzia 0 hadi 100, na binadamu ndiye anayeamua kwamba kuanzia alama fulani mtu apimwe makohozi. Mpaka huo ndio kizingiti. Ukikishusha, unanasa wagonjwa wengi zaidi na kuwashuku wazima wengi zaidi. Ukikipandisha, unaokoa katriji na kuwapoteza wagonjwa. Muuzaji akitaja unyeti na umahususi, mwulize vilipatikana kwa kizingiti gani, na kama kizingiti kilichaguliwa kabla ya kuyaona matokeo au baada yake. Anayechagua baada ya kuona huchagua kinachompendeza.

Pia mwulize ni toleo gani lililopimwa. Alama ya 60 katika toleo moja si lazima iwe na maana ileile katika toleo linalofuata la programu hiyohiyo. Utafiti wa 2014 nilioutaja, kwa mfano, hauwezi kutumika kuyasifu wala kuyalaumu matoleo yanayouzwa leo. Mkataba ueleze kwamba programu haitabadilishwa toleo kimyakimya, na kwamba kila mabadiliko yataambatana na ushahidi mpya na nafasi ya kukipanga upya kizingiti.

Jaribio la nyumbani

Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kukitafuta kizingiti kinachofaa mahali husika, na wazo lake linatekelezeka hata katika mkoa. Kabla ya kutia saini, omba kuitumia programu kwa muda wa majaribio. Chukua wagonjwa wote wanaokuja na dalili, mmoja baada ya mwingine, bila kuwachagua. Kila mmoja apigwe picha, na kila mmoja apimwe makohozi, hata yule ambaye programu imempa alama ndogo. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiwapima makohozi walioshukiwa peke yao, hawatajua kamwe programu imewapoteza wangapi, na unyeti utaonekana mkamilifu. Matokeo ya maabara yakae kwenu. Muuzaji asiyaone mpaka alama zote ziwe zimeandikwa.

Hesabuni pia picha ambazo programu ilizikataa kwa ubora hafifu, au kwa kuwa mashine yenu ya eksirei ni ya aina nyingine. Wauzaji wengine huziondoa picha hizo kwenye hesabu. Katika zahanati hakuna wa kuziondoa, kwani nyuma ya kila picha iliyokataliwa yupo mtu aliyeketi kwenye benchi akisubiri jibu.

Kwako wewe uliyepigwa picha

Ukiambiwa kwamba kompyuta imekupa alama ya juu, hujaambiwa kwamba una kifua kikuu. Umeambiwa utoe makohozi yapimwe; katika mfano wetu wa kijijini, kati ya watu 34 walioshukiwa, mgonjwa wa kweli ni mmoja tu. Ukipewa alama ya chini na bado unakohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku au unapungua uzito, rudi kituoni na uyaseme hayo. Mgonjwa wa kumi, yule ambaye programu ilimpoteza, hupatikana kwa njia hiyo. Na ikiwa mtoto wako ana umri chini ya miaka 15, pendekezo la mwaka 2021 halimhusu. Picha yake inahitaji jicho la mtaalamu.