Maji ya Nairobi Hayafiki Mia

Tuchukue jiko la hoteli jijini Nairobi. Mpishi anachovya sindano ya kipimajoto kwenye sufuria ya maji yanayotokota, mshale unasimama kwenye 100, naye anaridhika. Si ndivyo alivyofundishwa shuleni, kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi? Kumbe kipimajoto chake kimezidisha nyuzi 6.

Somo lile ni sahihi Mombasa na Dar es Salaam, penye usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,700. Huko kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa makadirio, kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi 1. Basi mpishi wetu akichoma paja la kuku na kusoma 74, kiwango kinachotumiwa sana kwa nyama ya kuku, ukweli ni kwamba limefika 68 tu.

Barafu ingemuumbua mapema, kwani huyeyuka kwenye 0 pwani na milimani vilevile. Lakini iandaliwe vizuri. Vipande viwili vitatu vikielea kwenye glasi ya maji havitoshi. Maji ya chini yanaweza kubaki na nyuzi 3 au 4. Kikombe kijazwe barafu iliyopondwa hadi juu, kisha maji safi yaongezwe kuziba nafasi tu. Chumvi isiingie kabisa, maana hushusha joto chini ya 0. Akoroge, asubiri dakika mbili, halafu achovye sindano katikati, isiguse kitako wala ukuta wa kikombe, mpaka mshale utulie.

Ukisoma 6, sindano ibaki humo humo barafuni huku nati iliyo chini ya uso wa saa ikishikwa kwa spana, na uso uzungushwe hadi mshale uonyeshe 0. Vya kidijitali, baadhi vina kitufe cha kurekebishia. Visivyo nacho hurudishwa kwa fundi au hubadilishwa. Kisha kipimajoto kirudi kwenye maji yanayotokota. Kikisoma 94, au kikipishana nayo kwa nyuzi 1, kazi iendelee. Kikiwa sawa barafuni lakini kikapotea kwenye maji ya moto, nati haitakisaidia: yenyewe husogeza vipimo vyote kwa pamoja. Hicho ni cha kutupa. Cha mshale kikianguka sakafuni, kipimwe upya hata kama jana kilikuwa sawa.

Hata kilichosahihishwa hupotosha kikichomwa vibaya. Sindano ya kipimajoto cha mshale huhisi joto kwenye sentimita 5 hivi za mwisho, si kwenye ncha pekee, na wengi hawalijui hili. Ikichomwa kwa juu kwenye kidari chembamba, sehemu ya sindano hiyo hubaki hewani. Ichomwe kwa ubavuni, ilale ndani ya nyama yote, mbali na mfupa.