Gari Jeusi au Jeupe, Kiti cha Ngozi au cha Kitambaa?

Akina mama wenzetu, zamani gari lilikuwa jambo la baba na fundi wake. Siku hizi familia nyingi za Ngara na Biharamulo huagiza gari lililotumika kutoka Japani, na mama huulizwa: “Wewe wapenda rangi gani?” Mara nyingi tunajibu kwa macho tu. Jeusi linang'aa kama la harusi, na viti vya ngozi vinampa mtu heshima. Lakini anayemfunga mtoto mkanda saa saba mchana, na anayefuta maziwa yaliyomwagika kitini, ni sisi. Kwa hiyo yafaa tulijibu swali hilo kwa kujua jua letu lilivyo, na vumbi letu lilivyo.

Baridi ya Ngara isitudanganye

Wenzetu wa Biharamulo wanajua joto. Sisi wa miinuko ya Ngara tunavaa sweta asubuhi, nasi hudhani habari za gari kuwa tanuri ni za Dar es Salaam. Sivyo. Mwaka 2005 madaktari wa Kalifonia, Marekani, walitoa matokeo ya kupima gari lililoegeshwa juani kwa saa moja, katika siku za joto na siku za ubaridi. Hata siku ambayo nje palikuwa na nyuzi joto 22 tu, kama siku ya kawaida ya Ngara, ndani ya gari palifika nyuzi 47. Tena sehemu kubwa ya joto hilo ilipanda katika nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Sababu ni vioo. Mwanga wa jua hupenya kioo na kuangukia dashibodi na viti, navyo hupata moto na kuupasha hewa ya ndani, ambayo haina pa kutokea. Ubaridi wa upepo wa nje hauzuii jambo hilo. Jua likiwa kali, gari hupata moto.

Rangi inasaidia kiasi gani?

Rangi nyeupe, au ile ya fedha, hurudisha zaidi ya nusu ya jua linaloipiga. Nyeusi hurudisha kama sehemu moja tu kati ya 20, na zilizobaki huingia katika bati. Wataalamu wa Kalifonia waliegesha magari mawili ya aina moja juani, moja jeusi na moja la rangi ya fedha, wakatangaza matokeo mwaka 2011. Paa la gari jeusi lilizidi lile lingine kwa nyuzi zipatazo 25. Lakini hewa ya ndani, pale inapofika pua ya abiria, ilizidi kwa nyuzi 5 au 6 tu.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, rangi nyepesi ina faida ya kweli, hasa kwetu sisi tulio karibu na ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri linasimama juu ya vichwa vyetu kabisa, na miezi mingine haliendi mbali sana. Jua la namna hiyo hupiga paa na boneti kuliko milango. La pili, nyuzi 5 haziwezi kuligeuza tanuri kuwa kivuli. Gari jeupe lililofungwa juani bado ni hatari kwa mtoto. Mama asiseme, “Letu ni jeupe, acha alale humo nikanunue ndizi.”

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo na kujaa Benaco, jinsi barabara zetu zilivyofurika magari meupe ya mashirika. Weupe ule ulikuwa kwanza wa kuwatambulisha watu wenye kazi ya misaada, lakini kwa jua la huku haukuwa uchaguzi mbaya.

Kuna na jambo la mbung'o. Wanaopita kandokando ya mapori ya Biharamulo na Burigi wanajua jinsi wanavyolifuata gari linalokwenda. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Gari jeupe haliwafukuzi, ila lile la buluu iliyokolea huwakaribisha zaidi.

Vumbi jekundu na kitambaa kikavu

Kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi letu jekundu halichagui. Juu ya rangi nyeusi laonekana saa ile ile. Juu ya nyeupe tope la masika ndilo linaloonekana. Inayoficha vyote viwili vizuri ni rangi ya fedha, au ya mchanga.

Tofauti kubwa ya matunzo iko kwenye mikwaruzo. Vumbi letu lina chembe ngumu za mchanga. Kijana akilifuta gari kwa kitambaa kikavu, kila chembe huchora mstari mwembamba kwenye rangi ya juu isiyo na rangi, ile ambayo mafundi huiita klia. Gari jeupe linayo mistari hiyo hiyo ila haionekani. Jeusi likisimama juani huonyesha utando kama wa buibui. Dawa ni kumwaga maji kwanza mpaka mchanga uondoke, kisha kuosha kwa sabuni ya maji kutoka juu kwenda chini, na kazi hiyo ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa. Bati la moto hukausha sabuni kabla haijasuuzwa, ikaacha madoa.

Kama gari mnalotaka kununua ni la rangi iliyokolea, tazameni paa na boneti kabla ya milango. Mkiona mabaka meupe kama ngozi inayobanduka, klia imekwisha kuliwa na jua, na polishi haiwezi kuirudisha. Sehemu hiyo itahitaji kupakwa rangi upya.

Mwiko na kijiko cha bati

Sasa tuje kwenye viti. Weka mwiko na kijiko cha bati ndani ya sufuria moja ya uji wa moto. Kijiko kitakuunguza, mwiko utaushika. Joto ni lile lile, ila bati hulisukuma mkononi upesi. Viti navyo ni hivyo. Kitambaa kina hewa kati ya nyuzi zake, na joto lake huingia mwilini polepole. Ngozi ni laini na imeshikana, hivyo hugusa mwili wote na kutoa joto lake mara moja. Ikiwa nyeusi, na jua limeipiga kupitia kioo, paja la mtoto huona moto kabla hajalia. Kibaya kuliko vyote ni kile chuma cha kufungia mkanda.

Ngozi ina kosa jingine: hainywi jasho. Safari ikiwa ndefu mgongo hulowa, na mtoto mchanga hutoka vipele vya joto shingoni na kwenye mapaja.

Lakini tuitendee haki. Mtoto akitapika, ngozi hufutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na kazi imekwisha. Kitambaa hunywa kila kitu: maziwa, mkojo, na vumbi. Hapo fanya hivi. Ondoa yaliyo juu kwa kijiko. Gandamiza kwa taulo kavu bila kusugua, kwa maana kusugua huyazamisha kwenye sponji. Tumia maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha maziwa na damu katika nyuzi. Sabuni iwe kidogo, suuza kwa taulo lililokamuliwa, kisha acha milango wazi mpaka sponji ikauke. Sponji iliyobaki mbichi huota ukungu, nao huwasumbua watoto wenye pumu.

Ujue pia kwamba vingi vinavyoitwa viti vya ngozi ni leza, yaani plastiki. Leza hukauka kwa jua, ikapasuka kwenye mishono. Bonyeza kiti kwa kidole: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo kuzunguka kidole, leza hushuka tu. Ngozi halisi hupakwa mafuta yake maalumu mara chache kwa mwaka. Mafuta ya taa, spiriti na dawa ya kung'arisha nguo huikausha.

Safari moja, magari mawili

Tuchukue familia yenye mtoto wa miezi minane na bibi yake, inayotoka Ngara kwenda Biharamulo. Gari la kwanza ni jeusi lenye viti vyeusi vya ngozi, la pili ni jeupe lenye viti vya kitambaa cha kijivu. Wanasimama Benaco kununua vitu, na gari linakaa juani dakika 40. Watu wote wanashuka, na mtoto yuko mgongoni kwa mama.

Wakirudi, ndani ya magari yote mawili ni moto. Katika lile jeupe wanafungua milango yote dakika mbili au tatu, hewa inatoka, na bibi anaketi bila shida. Katika lile jeusi hewa inatoka vivyo hivyo, lakini ngozi ya kiti imehifadhi moto wake, na paa bado linashusha joto vichwani. Hawa wanahitaji kungoja zaidi, au kutandika kanga mbili nzito kabla ya kuketi. Wakifika Lusahunga wa kwanza wamelowa migongo, wa pili wako wakavu.

Jioni mambo yanageuka kidogo. Mtoto amemwaga uji njiani. Mwenye ngozi amemaliza kufuta kwa dakika moja. Mwenye kitambaa ana kazi mpaka kesho.

Kwa hiyo kwa nyumba yenye watoto wadogo sisi tungechagua rangi nyeupe, ya fedha au ya mchanga, na viti vya kitambaa cha kijivu, vikivishwa foronya za pamba za kuvuliwa na kufuliwa. Fundi anayeshona aangalie ubavu wa kiti cha mbele: kama kuna alama ya mfuko wa hewa wa ajali, asiuzibe.

Aliye na gari jeusi la ngozi tayari, asiliuze. Anunue kizuia jua cha kioo cha mbele, kwa sababu kioo hicho ndicho kikubwa na kimelala. Atandike taulo jeupe juu ya kiti cha mtoto na chuma cha mkanda kila anaposhuka. Akirudi, aguse kiti na chuma kwa mgongo wa mkono na kuhesabu hadi tano. Asipoweza kuvumilia, mtoto asikalishwe hapo.

Na mtoto aliyekaa garini akiwa na mwili wa moto sana, amelegea, anatapika au haamki vizuri, tusiseme ni malaria tukangoja. Mtoeni kivulini, mvueni nguo, mlowesheni maji mwili mzima huku mkimpepea, kisha mwende hospitali mara moja, mkiendelea kumpoza njiani. Akiwa macho na aweza kumeza, anyonyeshwe.