Ripoti Mia Moja Haziondoi Video

Wasanii na wafanyabiashara wa Thika na Ruiru wanaotangaza kazi zao YouTube huhofia wapinzani kukubaliana na kuripoti video moja kwa pamoja. Hata hivyo, wingi wa ripoti pekee hauiondoi. Ripoti huanzisha ukaguzi tu, na video hupimwa kwa kanuni za mtandao huo. Isipozikiuka hubaki, hata ikiripotiwa mara mia. Wakaguzi nao hukosea, na hapo mwenye video hukata rufaa kupitia YouTube Studio.

Dai la hakimiliki ni jambo jingine, kwani moja tu linatosha. Mnamo Novemba 2019, video ya "Uno" ya Harmonize iliondolewa baada ya mtayarishaji wa muziki Mkenya, Magix Enga, kudai mdundo ni wake. Yeye alijitokeza hadharani kwa jina lake. Mwenye hila hupitia mlango huohuo kwa uongo.

Anayeonewa huwasilisha pingamizi. Mdai hupewa siku 10 za kazi, kwa kalenda ya Marekani, kuthibitisha kwamba amekwenda mahakamani. Akinyamaza, video hurudishwa. Tatizo ni kwamba pingamizi hubeba jina na anwani ya mwenye video, na mdai huonyeshwa. Anayehofia hilo anaweza kumtumia wakili.