Daktari mwenye kliniki: pesa tatu kwenye tili moja, kodi inakaaje?

Wengi wenu hapa mnauza mtandaoni, lakini kuna daktari ameuliza swali ambalo litawagusa pia. Ana kliniki ndogo hapa Kenya. Pesa yake inatoka sehemu tatu: ada ya kumuona mgonjwa, dawa anazouza pale pale, na zamu za lokamu, yaani kushikia daktari mwingine kwenye hospitali ya watu. Zote zinaingia tili moja na simu moja. Anauliza: si nilipe tu ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, niishe?

Hapana. Kodi ya mauzo (TOT) haihusu ada za kitaalamu, na ada ya daktari ni ya kitaalamu. Kwa hiyo atafanya ritani ya kawaida ya mwaka, ambayo kodi yake inakatwa kwa faida. Ndio maana lazima kila pesa iwe na ukurasa wake kitabuni. Tuchukue mfano.

Ukurasa wa ada. Huu ni rahisi. Kila mgonjwa, tarehe na kiasi. Mwaka mzima: 1,200,000.

Ukurasa wa lokamu. Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Hospitali imekubali kumlipa 60,000 kwa mwezi, lakini simu inasoma 57,000. Ile 3,000 ni kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo hospitali inaikata na kuipeleka KRA kwa jina lake. Wengi wanaandika 57,000 na kusahau hiyo nyingine. Andika 60,000 kama mapato, na 3,000 pembeni kama kodi ambayo tayari imelipwa. Mwaka mzima: mapato 720,000, kodi iliyokatwa 36,000.

Utajuaje kama hospitali ilipeleka kweli? Ingia iTax utafute cheti cha kodi ya zuio cha kila mwezi. Kama walikukata na cheti hakipo, wafuate mapema, usingoje Juni.

Ukurasa wa dawa. Ameuza dawa za 900,000. Amenunua za 700,000. Faida ni 200,000? Bado. Mwaka ulianza akiwa na dawa za 100,000 kwenye kabati, na ukaisha zimebaki za 180,000, kwa bei ya kununulia. Hesabu ni hii: 100,000 + 700,000 − 180,000 = 620,000. Hiyo ndiyo gharama ya dawa zilizouzwa, na faida ni 280,000. Dawa iliyo kabatini bado si gharama. Kwa hivyo hesabu stoku tarehe 31 Desemba, uiandike, uweke sahihi. Na msambazaji akupe invoisi ya eTIMS, maana bila hiyo KRA inaweza kukataa gharama ya manunuzi yenyewe.

Sasa tuunganishe. Ada 1,200,000, lokamu 720,000 na faida ya dawa 280,000 ni 2,200,000. Toa kodi ya nyumba, mshahara wa nesi, stima na gharama nyingine za kliniki, tuseme 1,000,000. Faida inabaki 1,200,000.

Kodi: 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 28,800. 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 25,000. 812,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 243,600. Jumla 297,400. Toa nafuu binafsi ya 28,800, inabaki 268,600. Toa tena ile 36,000 iliyokatwa hospitalini. Anadaiwa 232,600.

Angeandika lokamu kama 684,000 zilizoingia kwenye simu na asidai vyeti, angelipa 257,800. Amejitoza 25,200 za bure. Na angesahau stoku, faida ingepungua kwa 80,000 na kodi kwa 24,000. Makosa haya mawili yanakaribia kulingana, lakini usifikiri yanafutana. Lile la kwanza ni pesa yako ambayo hakuna atakayekukumbusha kuidai. La pili ni deni ambalo KRA ikilikuta inaongeza adhabu na riba.

Angalia pia kitu kimoja: kama hospitali inakupa payslipu na kukukata PAYE, hiyo si lokamu ya kodi ya zuio. Ni mshahara, na utatumia fomu ya P9 badala ya vyeti.

Nawe muuzaji, ukifanya kazi ya kitaalamu kwa kampuni, ada ikifika 24,000 au zaidi kwa mwezi utakatwa asilimia 5 hivyo hivyo. Andika kiasi mlichopatana, sio kilichofika kwenye simu, na uhifadhi cheti. Mwisho wa ritani ni 30 Juni.