Je, hisa hupanda kweli kila Januari?

Mwaka 1976 wasomi wawili wa Marekani, Michael Rozeff na William Kinney, walipitia bei za Soko la Hisa la New York kuanzia 1904 hadi 1974. Waligundua kwamba Januari ilileta faida ya karibu asilimia 3.5 kwa wastani, ilhali miezi mingine haikufikisha hata nusu asilimia kwa mwezi. Mwaka 1942 Sidney Wachtel alikuwa amekwisha kuandika kuhusu jambo hilohilo, lakini hakuna aliyelitilia maanani sana. Safari hii takwimu zilikuwa za miaka 70, na haikuwa rahisi kuzipuuza.

Matokeo hayo yaliwatia wachumi wasiwasi kwa sababu, kwa mantiki ya soko, jambo kama hili halipaswi kudumu. Kama kila mtu anajua kwamba bei zitapanda Januari, wenye pesa watanunua Desemba, na bei itapanda Desemba. Wakishajua hivyo, watanunua Novemba. Faida inayojulikana na wote hujiua yenyewe. Basi ikiwa bado ipo, ama kuna kitu kinachowazuia watu kuichukua, ama haikuwapo tangu mwanzo.

Dalili ya kwanza ya maana ilikuwa ndani ya kipimo chenyewe. Rozeff na Kinney walihesabu kila kampuni sawa na nyingine, ndogo kwa kubwa. Mwaka 1983 Donald Keim alizipanga kampuni kwa ukubwa wa thamani yake na kuona kwamba ajabu ya Januari iko kwa kampuni ndogo, na sehemu yake kubwa hutokea katika wiki ya kwanza ya biashara ya mwaka. Kwa kampuni kubwa, zile ambazo majina yake yanajulikana hata kwa asiyejua hisa, Januari haitofautiani sana na miezi mingine. Kwa hiyo kilichohitaji maelezo ni kitu chembamba zaidi: kwa nini hisa za kampuni ndogo hupanda katika siku chache za mwanzo wa mwaka?

Jibu lililopewa uzito zaidi ni kodi. Nchini Marekani mwaka wa kodi wa watu binafsi huisha 31 Desemba, na mtu aliyepata hasara kwenye hisa anaweza kuitoa hasara hiyo kwenye faida anayotozwa kodi, mradi awe ameuza. Kwa hiyo Desemba watu huuza hisa zilizoshuka mwaka huo, na hisa za kampuni ndogo ndizo huyumba zaidi. Bei husukumwa chini. Mwaka mpya ukiingia, shinikizo la kuuza huondoka na bei hurudi juu.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanaweza kukosea, na mtu anaweza kwenda kuangalia. Paul Schultz alirudi kwenye miaka ya kabla ya sheria ya kodi ya 1917, iliyopandisha sana viwango vya kodi ya mapato Marekani, na hakuikuta faida ya Januari. Uingereza mwaka wa kodi huanza 6 Aprili, na kodi ya faida ya mtaji ilianza 1965. Marc Reinganum na Alan Shapiro walikagua soko la London na kuona kwamba kabla ya mwaka huo hakukuwa na mwezi uliojitokeza. Baada yake Aprili ilijitokeza, kama nadharia inavyotaka. Ila Januari nayo ilijitokeza, na hiyo kodi ya Uingereza haiielezi. Ndiyo maana nasema kodi ni sehemu ya jibu, na sehemu kubwa, lakini si jibu zima.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa kawaida haambiwi, nalo linahusu bei yenyewe. Hisa haina bei moja. Wakati wowote ipo bei ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa, na ipo nyingine, ya juu zaidi, ambayo muuzaji anataka. Katika hisa ndogo pengo hilo ni pana. Chukua mfano wa hisa ya takriban dola 2, ambayo wanunuzi wanatoa dola 1.875 na wauzaji wanataka dola 2.125. Mwisho wa Desemba wengi wanauza, hivyo biashara ya mwisho inafungwa kwa 1.875. Siku ya kwanza ya Januari wengi wananunua, na biashara inafungwa kwa 2.125. Gazeti litaandika kwamba hisa imepanda zaidi ya asilimia 13, wakati thamani yake haijasogea hata senti.

Sasa mfuate mtu anayetaka kuikamata faida hiyo. Desemba atanunua kwa bei ya wauzaji, 2.125. Januari atauza kwa bei ya wanunuzi, 1.875. Amepoteza karibu asilimia 12, kabla dalali hajachukua ujira wake. Keim mwenyewe alionyesha mwaka 1989 kwamba mtindo huu wa kufunga biashara kwa bei ya chini mwishoni mwa Desemba na ya juu mwanzoni mwa Januari upo kweli kwenye takwimu, hasa kwa hisa za bei ndogo. Nadhani hapa ndipo fumbo linapofunguka: mchezo wa Januari unaweza kuwa wa kweli kwenye karatasi kwa miaka mingi bila mtu yeyote kuula.

Inabaki bahati. Mwaka una miezi 12, na tukikubali kosa la mara 5 katika kila 100 kwa kila mwezi, uwezekano wa kupata angalau mwezi mmoja "wa ajabu" katika soko lisilo na ajabu yoyote ni karibu asilimia 46. Ongeza siku za wiki, siku ya kabla ya sikukuu, mwanzo na mwisho wa mwezi. Mwaka 2001 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White walikusanya kanuni za kalenda zipatazo 9,500 na kuzipima juu ya karibu miaka 100 ya takwimu za Marekani. Walipozingatia kwamba kanuni iliyong'ara ilichaguliwa kutoka kundi hilo kubwa, ushahidi wake ukayeyuka. Nyingi ya kanuni za kalenda tunazosimuliwa mimi naziweka hapo. Januari ya kampuni ndogo ina hali bora kidogo kwa sababu ina chanzo kilichopimwa nje ya New York, lakini hata hiyo imepungua tangu watafiti waitangaze.

Anayetaka kujua kama Soko la Hisa la Dar es Salaam nalo lina mwezi wake wa bahati atakutana na ugumu wa namna nyingine. Biashara pale ilianza Aprili 1998, kwa hiyo Januari zenyewe hazijafika 30. Tukichukulia kwamba bei huyumba kwa asilimia 5 kwa mwezi, wastani wa Januari 30 bado unaweza kupotoka kwa karibu asilimia 1 kwa bahati tu, na ingebidi Januari iipite miezi mingine kwa karibu asilimia 2 kabla ya kuitilia maanani. Tena baadhi ya hisa hupita siku nyingi bila kuuzwa, na bei inayosomwa ubaoni tarehe 31 Desemba huenda ni ya biashara iliyofanyika wiki kadhaa nyuma.